Busu Moja, Sentensi Moja

Mwaka 1887 Anton Chekhov, daktari wa Kirusi aliyekuwa na miaka 27, alichapisha hadithi fupi iitwayo Busu. Mhusika wake mkuu, Ryabovich, ni ofisa wa mizinga: mfupi, ana mgongo ulioinama kidogo, anavaa miwani, na hajawahi kucheza dansi na mwanamke maishani mwake. Jioni moja yeye na maofisa wenzake wanaalikwa chai nyumbani kwa jenerali mstaafu. Akiwa anatoka kwenye chumba cha biliadi anapotea njia na kuingia chumba chenye giza. Zinasikika hatua za haraka, mchakacho wa gauni, mnong'ono, mikono laini inamzunguka shingoni, busu, kisha ukelele mdogo wa mwanamke aliyegundua kwamba amembusu mtu asiye wake. Mwanamke anakimbia. Msomaji hamjui ni nani, wala Ryabovich hajui mpaka mwisho.

Tukio lenyewe ni mistari michache. Kilichobaki, yaani sehemu kubwa ya hadithi, ni namna linavyomkaa Ryabovich mwilini na akilini. Kwenye shavu la kushoto, karibu na masharubu, kunabaki ubaridi unaomchomachoma mithili ya matone ya peremende. Baadaye anapowasimulia wenzake anashangaa kwamba habari yote imekwisha kwa dakika moja, na alidhani angeweza kuisimulia mpaka asubuhi.

Mwandishi wa mapenzi anayetaka kujifunza kazi aanzie kwenye mshangao huo wa Ryabovich. Busu ni jambo dogo sana kulieleza. Midomo imegusana, basi. Ukilirefusha kwa kueleza midomo ilivyofanya nini na ulimi ulivyokwenda wapi, unapata maelezo ya viungo, na msomaji anaanza kutazama badala ya kuhisi. Urefu wa tukio unatoka mahali pengine: kwenye kinachotangulia na kinachofuata.

Nitaonyesha kwa mfano nilioutunga mwenyewe. Mwanaidi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 31 aliyewahi kuolewa akaachika. Duka lake liko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Hamisi, mwenye miaka 35, ni karani bandarini na ni mteja wake wa siku nyingi. Rasimu ya kwanza, ile inayokuja yenyewe mtu akikaa tu kuandika, ingekuwa hivi:

Hamisi alimwangalia Mwanaidi kwa macho yaliyojaa mapenzi. Mwanaidi alihisi moyo ukimwenda mbio. Akamsogelea, akamkumbatia, akambusu kwa mahaba mazito. Mwili mzima ulipigwa na umeme. Walizama katika bahari ya huba, wakasahau dunia na vilivyomo.

Hakuna neno la matusi hapo, hata mwalimu mkali angeliruhusu lipite. Lakini hakuna mtu pia. Badilisha majina, weka Juma na Asha, weka mwanasheria na muuguzi, weka Mwanza badala ya Tanga, na hakuna neno litakalohitaji kubadilika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokiamini: tukio la mapenzi linaloweza kuhamishwa kwenda kwa wahusika wengine bila kupungukiwa kitu bado halijaandikwa.

Kwa hiyo, kabla ya sentensi yoyote, kuna swali la kujibu: kwa nini watu hawa hawajabusiana mpaka leo? Jibu likiwa ni kwamba mwandishi alikuwa hajafika ukurasa huo, hakuna tukio. Kwa Mwanaidi na Hamisi jibu ni mlango. Duka la fundi liko wazi barabarani mchana kutwa, na nje ya mlango Mama Rehema anakaanga mihogo na kuona kila aingiaye. Mahali pekee penye kificho ni nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo na kupimwa, na pazia lenyewe halifiki chini. Apitaye anaona miguu.

Mwanzoni nilifikiria kukata umeme. Ni njia rahisi mno, na waandishi wengi tunaikimbilia: giza linaingia, mvua inanyesha, wawili wanajikuta peke yao. Tatizo lake ni kwamba linaondoa kizuizi, na kizuizi ndicho kinachofanya kazi yote. Pazia fupi lina faida zaidi kuliko giza nene, kwa sababu linaruhusu kidogo na kukataza mengi. Pia fundi ana kitu ambacho wapenzi wengine hawana, nacho ni futi kamba. Inampa ruhusa ya kumkaribia mwanamume asiye mumewe, tena mchana kweupe, na kumgusa bega na kifua bila mtu kuuliza.

Basi tukio linakuwa hili:

"Inua mkono, kaka Hamisi."

Akainua. Futi kamba ikapita chini ya kwapa, ikazunguka kifua, ikakutana mbele ya kifungo cha tatu. Mwanaidi akasoma namba, akaachia, akaandika. Nje Mama Rehema alikuwa akitia mihogo. Kila kipande kilipoingia kwenye mafuta kilipiga kelele, kisha kikatulia.

"Mkono mrefu au mfupi?"

"Utakavyo wewe, fundi."

"Shati si langu."

"Basi mrefu."

Akapima kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, akaandika. Namba ilikuwa ileile ya Idi iliyopita. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nyuma wa daftari hilohilo, na daftari lilikuwa wazi mezani, na Hamisi alikuwa akilitazama.

"Na shingo," Mwanaidi alisema.

Kwa kupima shingo alizoea kusimama nyuma ya mteja. Safari hii hakuzunguka. Alipitisha futi nyuma ya kola na kuzileta ncha mbele, kisha aliingiza kidole kimoja kati ya futi na ngozi, kama inavyotakiwa, ili kola isije ikambana mtu. Kidole kilikaa hapo. Kilisikia koo likipanda na kushuka. Palikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na, chini yake, ya jasho la mchana kutwa.

"Ngapi?"

"Kumi na tano na nusu."

Hakuandika. Penseli ilikuwa sikioni na mikono yote miwili ilikuwa imeshika futi. Chini ya pazia miguu yao minne ilikuwa ikionekana na barabara nzima, kwa hiyo miguu haikusogea.

"Pima tena. Labda umekosea."

"Sijakosea, Hamisi."

Futi ilikuwa imelegea. Hamisi hakurudi nyuma. Visigino vya Mwanaidi viliachana na kandambili, na midomo aliyoikuta ilikuwa mikavu, yenye moto, na ladha ya kahawa ya tangawizi.

"Mwanaidi! Una chenji ya elfu kumi?"

Visigino vikarudi chini. "Ninayo, nakuja," akajibu, na sauti ikatoka sawasawa. Akavuta futi, akaizungusha vidoleni, akatoa penseli sikioni, akaandika kumi na tano na nusu. Aliiandika kwenye mstari wa kiuno.

Busu hapo lina sentensi moja, tena nusu ya sentensi hiyo inazungumzia visigino. Hata hivyo sidhani kama kuna msomaji mzima atakayeuliza kilichotokea nyuma ya pazia. Tuangalie kinachofanya kazi.

Kwanza kuna macho, au tuseme kutokuwapo kwake. Rasimu ya kwanza ilianza na macho yaliyojaa mapenzi, na karibu kila rasimu ya kwanza huanza hivyo. Lakini jicho la mtu mzima kijana haliwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko sentimita kumi hivi, na umri unavyosogea umbali huo unazidi kuongezeka. Nyuso zikikaribiana kiasi cha kubusiana, uso wa mwenzako unakuwa ukungu. Mwandishi anayeeleza kope, mng'aro wa mboni na umbo la midomo katika nukta hiyo anaeleza kitu ambacho mhusika wake hakioni. Msomaji huenda asijue ni kipi kilichomtoa mchezoni, ila atakuwa ametoka. Katika umbali huo kinachobaki ni ngozi, harufu, ladha, joto na sauti, na hizo ndizo nilizomgawia Mwanaidi. Chekhov alifanya vilevile kwa kuzima taa kabisa.

Milango hiyo ya fahamu haipaswi kufunguliwa yote kwa pamoja. Baadhi ya waandishi wakishaambiwa watumie harufu hutia asumini, udi, marashi, kilua na halwaridi katika aya moja, mpaka msomaji anapiga chafya. Katika tukio letu kuna harufu moja, na ni ya kawaida: sabuni ya kipande na jasho la mtu aliyetoka kazini. Nimeichagua kwa sababu hapo alipo, kidole kikiwa shingoni kwa Hamisi, Mwanaidi hawezi kuikwepa. Ladha nayo ni moja, ya kahawa ya tangawizi, na inakuja palepale midomo inapokutana, kwa sababu kabla ya hapo asingeweza kuijua. Ladha ndiyo ushahidi kwamba busu limetokea, na imeniepushia kuandika kitenzi chenyewe cha kubusu. Kila jambo linaloelezwa liwe linapatikana pale mhusika aliposimama, na lifike kwa wakati wake.

Jambo la pili ni mwendo, na hapa Kiswahili kinampa mwandishi chombo ambacho wengi wetu tunakitumia bila kukitazama. Kiambishi -ka- ndicho kinachosukuma masimulizi mbele: akaja, akakaa, akala. Ni kizuri sana kwa safari, vita na ugomvi. Lakini ukikitumia kwenye busu unapata "akamsogelea, akamkumbatia, akambusu", matendo matatu yenye uzito sawa, yaliyopangwa mithili ya maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Msomaji anayapita kwa pumzi moja.

Rudi kwenye tukio uangalie. Mwanzoni -ka- ipo kwa wingi: akasoma, akaachia, akaandika. Hiyo ni kazi, na fundi aliyezoea hupima haraka. Anapofika shingoni -ka- inatoweka. Mahali pake panashikwa na vitenzi vya kutulia (kilikaa, ilikuwa imelegea) na, zaidi ya hivyo, vitenzi vya kukanusha: hakuzunguka, hakuandika, haikusogea, hakurudi nyuma. Kitenzi cha kukanusha kinasimamisha saa. Kinamtaka msomaji alifikirie tendo lililotazamiwa, kisha alione halijatendeka, na wakati wote huo wahusika hawajasogea hata inchi. Mama Rehema anapoita, -ka- inarudi mbio: vikarudi, akajibu, akavuta, akaizungusha. Dunia imerudi na mwendo wake. Mwandishi hahitaji kusema kwamba muda ulisimama, kwa kuwa sarufi imeshausimamisha.

Mazungumzo nayo yana sehemu yake katika mwendo, na kosa kubwa ni kuyafanya yazungumzie mapenzi. Alfred Hitchcock alilijua hilo alipopiga filamu ya Notorious, iliyotoka mwaka 1946. Kanuni za Hollywood za wakati ule zilikataza mabusu ya kupita kiasi. Akawafanya Ingrid Bergman na Cary Grant wabusiane kwa muda mfupi mfupi, waachane, wazungumze, wabusiane tena, bila kuachiana, kwa kiasi cha dakika mbili na nusu. Na wanazungumza nini? Chakula cha jioni, kuku atakayepikwa, na simu anayopiga mwanamume akiwa bado amemkumbatia mwenzake. Mambo ya nyumbani kabisa. Kwa sababu hawasemi wanachokitaka, kila neno juu ya kuku linakibeba. Mwanaidi na Hamisi wanazungumzia urefu wa mkono wa shati. "Pima tena, labda umekosea" haina neno moja la mapenzi, na ni ombi lililo wazi kuliko barua ya kurasa tatu.

Kuna badiliko moja ambalo msomaji wa Kiswahili analipata upesi kuliko msomaji wa lugha nyingi nyingine. Tangu mwanzo Mwanaidi anamwita mteja wake "kaka Hamisi", na yeye anamwita "fundi". Hizo ni kuta za heshima, nyembamba lakini imara. Anaposema "Sijakosea, Hamisi", ukuta mmoja umeanguka. Nadhani hiyo ndiyo nukta yenyewe ya tukio, na midomo inafuata tu. Kwenye mswada wako angalia wahusika wanaitanaje, na ni wapi jina linabadilika. Ukiwafanya waitane "mpenzi" tangu ukurasa wa tatu, umeshaichezea karata hiyo bure.

Hiari ya wote wawili pia iko kwenye matendo madogo. Sikutaka mmoja afanye na mwingine afanyiwe, jambo ambalo "akambusu" inalisema hata mwandishi asipokusudia. Hamisi anaomba apimwe tena. Futi inalegea, na kulegea huko kunampa nafasi ya kuondoka. Hakuondoka. Mwanaidi ndiye anayeinuka. Ukiziondoa sentensi mbili fupi, ile ya futi na ile ya Hamisi kutorudi nyuma, tukio linabadilika: linakuwa la mtu aliyefungwa kamba shingoni. Kujizuia kwa mwandishi kusifike mahali pa kumfanya msomaji ashuku kama wote wawili walitaka.

Hapo ndipo mpaka wa mbinu hii ulipo. Wasomaji wa hadithi za magazetini wanaijua ile ya wapenzi kuingia chumbani, mlango kufungwa, nukta tatu, na "itaendelea wiki ijayo". Huko si kujizuia. Ni kuruka. Mwandishi amejenga ahadi kwa kurasa kumi halafu hakuilipa. Kujizuia ni kuwapo kwenye tukio mpaka mwisho na kuchagua cha kutazama. Ndiyo maana sentensi ya busu ina neno "midomo" waziwazi. Ningeliondoa na kubakiza visigino peke yake, wasomaji wengine wangebaki wanajiuliza kama alinyanyuka kuchungulia dirishani. Tukio lililofichika linahitaji walau jambo moja la mwili lisilo na maana mbili.

Halafu kuna kinachofuata, ambacho rasimu nyingi hukisahau. Busu likishapita mwandishi anachoka, anaandika kwamba walikuwa na furaha isiyo kifani, na sura inaishia hapo. Mshindo wa busu unaonekana baadaye, kwenye kitu ambacho mhusika anashindwa kukifanya kama kawaida. Mwanaidi amejibu jirani kwa sauti ya kawaida kabisa, na msomaji anaweza kudhani amejimudu. Kisha anaandika kipimo cha shingo kwenye mstari wa kiuno. Fundi wa miaka mingi hakosei mstari. Ningeweza kuongeza kwamba mkono ulitetemeka na moyo ulidunda, lakini kosa la daftari limeshasema yote mawili, na lina faida nyingine: litarudi. Shati likishonwa kwa kufuata kipimo kile, kuna mtu atauliza.

Mbinu hii haiwafai wahusika wote. Mhusika mwenye pupa, anayetenda kabla ya kufikiri, atabusu ghafla katikati ya ugomvi, na kumwekea kurasa mbili za futi kamba ni kumvika nguo ya mtu mwingine. Kwake urefu wote utahamia upande wa baada, kama ilivyokuwa kwa Ryabovich, ambaye hakupata hata nafasi ya kujiandaa. Katika hadithi ya kuchekesha kizuizi kinaweza kushinda kabisa, Mama Rehema akafungua pazia na sahani ya mihogo mkononi, na busu likabaki deni.

Ukiwa na mswada wenye busu la kwanza, ifute sentensi ya busu lenyewe, kisha mpe mtu asome kilichobaki bila kumwambia ulichokitoa. Akikuonyesha pale ilipokuwa, irudishe ilivyo na usiiongezee neno. Asipoiona, iache hiyo sentensi kwanza, ukaandike upya ukurasa unaoitangulia.